Gepu Nililolisubiri Lizibwe

Juzi msomaji ameniandikia: "Dada, hisa yangu imefungua chini sana baada ya ripoti ya robo mwaka. Nimeongeza nyingine. Si gepu lazima lizibwe?"

Gepu ni ule mruko wa bei kati ya ilipofunga hisa jana na inapofungua leo. Nimeusoma ujumbe huo mara tatu. Hilo neno "nimeongeza" ndilo lililonimaliza mimi.

Wakati huo hisa yangu ilikuwa imefunga siku kwenye 100 (natumia 100 ili hesabu iwe nyepesi). Nilikuwa na oda ya kuzuia hasara kwenye 95, nikalala nikijua nikipoteza sana ni asilimia 5. Ripoti ikatoka jioni, soko likiwa limeshafungwa. Asubuhi hisa ikafungua kwenye 78, na oda yangu ya 95 ikauza kwenye 78. Nilimpigia broka kwa hasira, kumbe hakuwa amekosea chochote. Oda ile haikuahidi bei ya 95. Ilisema tu kwamba bei ikifika 95 au chini yake, uza kwa bei yoyote iliyopo. Na bei ya kwanza kuwepo asubuhi ile ilikuwa 78.

Usiku mzima watu walikuwa wamesoma ripoti ileile. Wenye hisa wakajipanga kuuza, na waliotaka kununua kwenye 99 na 98 wakaondoa oda zao. Mnada wa ufunguzi hutafuta bei moja ambayo hisa nyingi zaidi zinaweza kubadilisha mikono, ukaikuta kwenye 78. Gepu, ule uwazi unaouona kwenye chati kati ya bei za jana na za leo, ni bei ambazo hakuna aliyeuza wala kununua soko likiwa wazi.

Ningeishia hapo ningepona. Lakini nilikuwa nimefundishwa kwamba gepu lazima lizibwe, yaani bei irudi pale ilipofunga kabla ya habari. Nikanunua tena kwenye 80, pesa yote niliyopata kwa kuuza. Siku ya tatu ikafika 86, nikaanza kupiga hesabu za faida. Ikarudi 71, kisha 64, nami nikaongeza. Niliuza kwenye 52. Bado inaniuma.

Imani ile ina chanzo chake. Magepu madogo, ya asilimia 1 au 2 yasiyo na habari yoyote nyuma yake, mara nyingi huzibwa ndani ya siku chache, maana hakuna kilichobadilika kwenye kampuni. Oda za asubuhi zilielemea upande mmoja tu. Gepu la ripoti ni kitu kingine. Hapo watu wamepata sababu ya kuihesabu upya thamani ya kampuni, na bei ya jana ilitokana na makadirio ambayo hayapo tena.

Tazama Meta, kampuni inayomiliki Facebook. Februari 2, 2022 ilifunga kwenye dola 323. Jioni ikaripoti kwamba watumiaji wa kila siku wa Facebook wamepungua kwa mara ya kwanza, na kwamba mabadiliko ya faragha kwenye simu za Apple yangeigharimu takriban dola bilioni 10 za mapato mwaka huo. Kesho yake ikafungua karibu na 245 na kufunga chini ya 238. Je, gepu lilizibwa? Ndiyo, mwishoni mwa Julai 2023, karibu miezi 18 baadaye. Lakini Novemba 2022 hisa hiyo ilifunga chini ya dola 89. Aliyenunua kwenye 238 akisubiri 323 alishuhudia zaidi ya asilimia 60 ya pesa yake ikiyeyuka kwanza. Wangapi wangevumilia? Mimi nilishindwa na kidogo kuliko hicho.

Sasa gepu la upande wa juu. Mei 24, 2023 Nvidia, watengenezaji wa chipu za kompyuta, ilifunga kwenye dola 305, kisha ikatabiri mauzo ya dola bilioni 11 kwa robo inayofuata, wakati wachambuzi walitarajia kama bilioni 7. Kesho yake ikafungua kwenye 385. (Kwenye chati za leo utaona kama 30 na 38, kwa sababu mwaka 2024 kila hisa iligawanywa kuwa 10.) Waliokaa pembeni wakisubiri irudi 305 ili wanunue waliiona ikipanda hadi ikawapotea machoni.

Kwa hiyo ndugu zangu, acheni kununua gepu kwa sababu tu ni gepu. Fungueni ripoti kwanza. Kama kampuni imeshusha makadirio ya mauzo ya mbele, na hisa zilizouzwa siku ile ni mara kadhaa ya kawaida, soko limehamia bei mpya. Bei ikivunja chini ya pale ilipogusa chini kabisa siku ya gepu, wauzaji hawajamaliza, na huo si wakati wa kuongeza. Pia punguzeni idadi ya hisa kabla ya siku ya ripoti, kwa sababu oda ya kuzuia hasara hailindi usiku.

Msomaji wangu nimemuuliza swali moja tu: ripoti ilibadilisha nini kwenye makadirio ya kampuni? Amenijibu kwamba hajaisoma bado.