GPS inaruka kwenye mipaini, Mufindi

"Kona ya shamba langu la mipaini, jana hapa, leo mita 20 pembeni. Simu mbovu? Kuna aliyeniambia niweke bando."

Simu ni nzima, ndugu. Mawimbi ya setilaiti hufika dhaifu sana. Majani mabichi huyanyonya, vigogo huyadundisha, sawa na kuta za maghorofa mjini. Wimbi lililodunda limezunguka, hivyo simu hudhani setilaiti iko mbali zaidi.

Huyo aliyesema uweke bando kapatia nusu: data huharakisha kupata setilaiti, haizuii mdundo.

Washa GPS kwenye njia ya kuzuia moto, subiri dakika mbili, ndipo uingie. Pale konani chukua pointi 10, ukiziachanisha kwa dakika moja moja, utafute wastani. Zikitawanyika bado, mimi hupima palipo wazi, kisha naenda konani kwa dira na futikamba.