Misuko Isiyouma

Swali la wiki: "Saluni yangu ina kibao cha futi nne kwa mbili tu. Niandike nini kikatosha, na mpita njia akakisoma?"

Nachora mabango Tandika, na mwaka huu shemeji yangu aliniletea kibao cha ukubwa huohuo cha saluni yake ya kike, kikiwa na karatasi ya maneno. Huduma zilikuwa kumi na moja. Kaulimbiu ilikuwa "Kwa mahitaji yako yote ya urembo karibu upendeze."

Kabla ya kubishana naye kuhusu maneno, nilichukua rula. Kibao kina upana wa sentimita 120. Ukiacha ukingo, unabaki na 110. Herufi kubwa ya kawaida, pamoja na nafasi ya pembeni yake, hula upana wa kama robo tatu ya kimo chake. Kaulimbiu ya shemeji ina herufi na nafasi 48, kwa hiyo kuiweka mstari mmoja kungetaka herufi za kimo cha sentimita 3. Sisi mafundi tunakadiria kwamba kila sentimita 2.5 za kimo husomwa kwa raha kutoka mita 3. Maneno yake yangesomwa na mtu aliye mita tatu na nusu kutoka mlangoni, ambaye kwa kawaida ameshaamua kuingia au kupita. Abiria wa bajaji inayokwenda kilomita 30 kwa saa hupita mita 8 kila sekunde.

Basi tukagawa kimo. Mstari wa juu, jina lenye herufi tano pamoja na neno SALUNI, sentimita 12. Kaulimbiu 8. Huduma mistari miwili ya 5. Simu 3, chini kabisa, kwa sababu anayeinakili amesimama mbele ya kibao. Zilizobaki ni nafasi, na nafasi hizo nazilinda kuliko rangi yenyewe; mistari ikigusana, jicho halishiki hata mmoja. Picha ya mwanamke aliyesukwa niliihamishia ukutani kando ya mlango. Kwenye kibao kidogo ingekula theluthi nzima.

Kwenye huduma, Kiswahili chetu kina mtego. Sehemu ya orodha yake ilikwenda hivi: kusuka rasta, kusuka yeboyebo, kusuka twende kilioni, kuosha nywele, kuweka dawa, kubandika kucha. Kila kitu kimeanza na "ku", na mtu anayetembea husoma mwanzo wa neno kwanza, kwa hiyo orodha nzima inamfikia kama kitu kimoja. Ng'oa vitenzi, bakiza vitu: Misuko, Dawa, Kucha. Chini ya neno SALUNI hakuna atakayedhani ni duka la dawa. Mitindo mitatu ya kusuka ikawa neno moja, maana anayetaka twende kilioni ataiulizia ndani. Kuosha tulikufuta, kwa kuwa hakuna saluni isiyoosha. Tulichobakiza ni kile kinachomwingiza mgeni kwa mara ya kwanza: Misuko, Dawa, Stimingi, Wigi, Kucha, Maharusi.

Kaulimbiu ndiyo iliyotuchukua siku. Ile yake ingefaa saluni yoyote mtaani, na ukiifunika kwa mkono kibao hakipungukiwi kitu. Nikamuuliza, "Shem, wateja wanaorudi wanasemaje?" Akajibu bila kufikiri: "Wanasema huku hatuvuti." Wengi wamewahi kulala na kichwa kinachouma baada ya kusukwa, na nywele za mbele zimewakatika kwa kukazwa mno. Hapo tukapata TUNASUKA, HATUVUTI. Herufi 16, mkato na nafasi: sentimita 108 kwa kimo cha 8. Ilitosha barabara.

Kabla ya kupaka rangi niliyaandika yote kwenye magazeti kwa ukubwa halisi, nikayabandika mlangoni, nikavuka hadi kijiwe cha bodaboda. Nilimwomba kijana mmoja atazame nikihesabu moja hadi tatu, kisha ageuke aniambie alichosoma. Akasema, "Saluni, tunasuka, hatuvuti. Hamvuti nini, sigara?" Wa pili naye akasita palepale. Sisi wawili tulikuwa tumelizoea neno kwa maana ya saluni, tukasahau maana yake nyingine.

Tukaandika MISUKO ISIYOUMA. Ni herufi 14 na nafasi moja, kwa hiyo kimo kilipanda hadi sentimita 9, na hakuna aliyesita tena. Shemeji amewaambia wasusi wake wawili kwamba mteja akikunja uso, walegeze. Na kwa kuwa misuko imeshatajwa juu, tuliiondoa kwenye orodha ya chini, pakapatikana nafasi ya Dredi, ambazo saluni ya jirani haifanyi.