Kurasa tisa za miji tisa, maneno yale yale

Swali: "Karakana yetu iko Malindi. Tunatengeneza friji, viyoyozi na mashine za kufulia, na tunawafuata wateja mpaka Lamu. Kijana aliyetutengenezea tovuti alitupa kurasa tisa: Malindi, Watamu, Gede, Kilifi, Mtwapa, Mambrui, Gongoni, Marereni na Lamu. Maneno ni yale yale, kilichobadilika ni jina la mji. Nyingi hazionekani Google. Nizifute zote au niandike upya? Na nikiandika, nitasema nini kipya kuhusu kutengeneza friji Gongoni?"

Jibu: Fundi, hilo swali lako la mwisho ndilo la kuanza nalo. Kama huna neno la Gongoni ambalo haliwezi kusemwa kuhusu Mambrui, basi Gongoni haihitaji ukurasa wake peke yake, na kuuandika upya kwa maneno mengine hakutausaidia.

Kurasa za namna hiyo huitwa kurasa za mlango: mtu anaingia, hapati kitu, anasukumwa kwenda kwingine. Sera ya Google dhidi ya taka inazitaja waziwazi, na mojawapo ya mifano yake ni kurasa zinazolenga miji au maeneo mbalimbali huku zote zikimpeleka msomaji mahali pamoja. Mwaka 2015 walitangaza kwamba watazibana zaidi. Lakini usishtuke kwanza. Kutoonekana si lazima iwe adhabu. Mara nyingi mtambo wao umezisoma kurasa tisa, umeona ni kitu kimoja, ukachukua moja na kuziacha nane.

Unaweza kujua ni lipi kati ya hayo mawili. Fungua Search Console, zana ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti jinsi kurasa zake zinavyosomwa, nenda kwenye `Manual actions`. Ikiandika `No issues detected`, hakuna mtu aliyekuadhibu. Kisha fungua ripoti ya `Pages` usome sababu za kurasa kuachwa. Ukiona `Duplicate, Google chose different canonical than user` au `Duplicate without user-selected canonical`, maana yake kurasa zako zimehesabiwa kuwa nakala. `Crawled - currently not indexed` maana yake ukurasa umesomwa lakini haujawekwa kwenye faharasa, yaani orodha ya kurasa ambazo Google huzitafuta majibu, na kwa tovuti kama yako sababu ya karibu ni kwamba haukuwa na jipya.

Kabla ya kugusa chochote, chukua daftari la kazi la karakana, lile mnaloandika jina la mteja, mtaa na ubovu. Hesabu kazi za miezi sita kwa kila mji, na kando ya kila mji andika mambo matatu: mashine gani huharibika zaidi, huharibika kwa sababu gani, na fundi hufikaje huko. Daftari hilo ndilo litakaloamua ni mji gani unastahili ukurasa. Mimi hutumia kanuni yangu tu, si ya Google: mji usio na kazi hata tano ndani ya miezi sita, au ambao safu zake tatu zinafanana na za jirani, haupati ukurasa.

Tukichukua orodha yako, mimi ningeishia na kurasa tano.

Malindi inabaki, kwa kuwa ndipo karakana ilipo na mteja anaweza kuleta mashine mwenyewe. Weka hapo jinsi ya kufika, saa za kufungua, na ni vitu gani vinapokewa mezani na vipi lazima fundi avifuate nyumbani. Kilifi iko mbali kiasi, kama kilomita 60, na ada ya safari pamoja na siku za kwenda huko ni tofauti, kwa hiyo inabaki ikiwa daftari linakubali. Gede unaiingiza ndani ya Watamu: ni njia moja na safari moja. Mambrui, Gongoni na Marereni unaziunganisha ziwe ukurasa mmoja wa ng'ambo ya mto Sabaki. Kule wateja wako wengi huenda ni wenye maduka na wachuuzi wa samaki wenye friza, na shida yao ni ya dharura: samaki wako ndani na barafu inayeyuka. Ukurasa huo useme simu ikipigwa asubuhi fundi anafika saa ngapi, na mteja afanye nini wakati anasubiri. Mtwapa, kama hamwendi ila mliiweka kwa sababu watu huitafuta, ifute. Ukurasa unaoahidi huduma isiyokuwepo humfikisha mteja kwenye simu ambayo jibu lake ni "huko hatufiki".

Watamu ndiyo inayofaa kuonyesha tofauti ya kweli inavyoandikwa. Ukurasa wako wa sasa, bila shaka, unasema mna mafundi wenye uzoefu, bei nafuu na huduma ya haraka Watamu. Ondoa neno Watamu, weka Kilifi, hakuna kilichoharibika. Sasa soma hili:

"Viyoyozi vilivyo karibu na bahari huanza kuliwa na chumvi kwenye mashine ya nje. Mapezi ya alumini ya kondensa hubomoka ukiyagusa, hewa haipiti, kompresa inapata joto na kujizima. Ikiwa chako kinapoza asubuhi kisha kinakata mchana, tutumie picha ya mgongo wa mashine ya nje kabla hatujaja. Mapezi yakiwa bado mazima tunayaosha kwa maji matamu. Yakiwa yameshaliwa, kondensa hubadilishwa, na kuongeza gesi hakutasaidia. Kama nyumba ina msimamizi na mwenyewe yuko mbali, tunamtumia mwenyewe picha na bei kwa WhatsApp, na hatuanzi kazi mpaka ajibu."

Hapo kuna kitu cha mahali: nyumba za wageni zinazofungwa msimu ukiisha, msimamizi anayepiga simu bila kuwa na mamlaka ya kulipa, chumvi. Anayesoma anajua kama mashine yake ndiyo hiyo, na ana la kufanya papo hapo. Chini yake weka ada ya safari kwa shilingi, picha mbili za kazi mliyoifanya huko kwa ruhusa ya mteja, na namba ya simu. Usiweke kiungo cha "bonyeza hapa uende ukurasa mkuu", kwa sababu kusukuma mtu namna hiyo ndiko kunakoufanya ukurasa kuwa mlango. Msomaji amalize shida yake hapo hapo.

Lamu inatofautiana zaidi, na naona ndiyo iliyoandikwa vibaya kuliko zote. Mtu wa Shela au wa Langoni akisoma "tunafika mlangoni kwako ndani ya saa mbili" atacheka. Fundi wako anapita Garsen na Witu hadi Mokowe, anapanda boti, halafu anabeba mtungi wa gesi na vifaa kwa mguu au kwa punda kwenye vichochoro ambavyo gari halipiti. Kwa hiyo ukurasa wa Lamu uwe wa kupanga safari: siku gani za mwezi mnakwenda, mwisho wa kuweka nafasi ni lini, na ada ya safari inagawanywaje wateja wakiwa watatu kwenye safari moja. Cha muhimu kuliko vyote, mwombe mteja apige picha kibandiko cha nyuma ya mashine chenye namba ya modeli na aina ya gesi, `R600a`, `R134a` au nyingine. Bila picha hiyo fundi atafika na kipuri kisichoingia, na hakuna kurudi Malindi kukifuata jioni ile ile.

Kuna njia mbili za mkato utakazoshauriwa, na zote mbili ni mbaya. Ya kwanza ni kubadilisha maneno tu, "tunatengeneza" iwe "tunakarabati", au kujaza historia ya mji. Mwenye friji iliyokufa hana haja na habari za magofu ya Gede. Ya pili ni kuziacha kurasa zote na kuweka `rel="canonical"`, alama inayotaja ukurasa upi ndio asili, inayoelekea Malindi. Hapo umemwambia Google mwenyewe kwamba hizo nyingine ni nakala zisizohitaji kuonyeshwa. Sasa unazitunza za nini?

Kurasa zinazoondoka usizifute kimya kimya. Kwanza angalia kwenye `Performance`, ambako Search Console huhifadhi takwimu za miezi 16, kama ukurasa ulikuwa unapata wageni na kwa maneno gani. Maneno hayo yatakufaa kwenye ukurasa mpya. Kisha anwani za zamani zielekeze kwenye ukurasa uliozimeza. Kama seva yako ni Apache, faili la `.htaccess` litakuwa hivi:

```
Redirect 301 /fundi-friji-gede /huduma/watamu-gede
Redirect 301 /fundi-friji-mambrui /huduma/ngambo-ya-sabaki
Redirect 301 /fundi-friji-gongoni /huduma/ngambo-ya-sabaki
Redirect 301 /fundi-friji-marereni /huduma/ngambo-ya-sabaki
Redirect gone /fundi-friji-mtwapa
```

Watamu, Kilifi na Lamu zikihamia anwani mpya, ongeza mistari yao pia. Mtwapa tumeipa `gone` kwa makusudi: haina mrithi, na kuielekeza ukurasa wa mwanzo kutahesabiwa kama ukurasa uliopotea tu. Halafu fungua ukurasa mmoja wa "Tunakofika" kwenye menyu ya juu, uzitaje kurasa zako zote tano kwa sentensi moja moja na viungo vyake. Kurasa za miji ambazo haziko kwenye menyu, zimefichwa kwa herufi ndogo chini kabisa, zinajishtaki zenyewe.

Kwa vijiji visivyo na ukurasa, Google Business Profile, yaani wasifu wa biashara unaoonekana kwenye ramani ya Google, inatosha. Fungua moja tu, kwa anwani ya karakana, na usithubutu kukodi kisanduku cha posta au dawati la mtu Kilifi ili upate ya pili. Bila ofisi halisi yenye wafanyakazi wako, inaweza kusimamishwa. Ndani yake unaruhusiwa kuandika hadi maeneo 20 ya huduma, kwa hiyo Gede, Mambrui, Gongoni na Marereni zote zinaingia. Lamu usiiweke: mwongozo wao unataka eneo zima lisizidi takriban saa mbili za kuendesha gari kutoka ulipo, na wewe ukifika Mokowe umeshapita muda huo, bado boti. Lamu itategemea ukurasa wake peke yake, sababu nyingine ya kuuandika huo wa kwanza.

Ukimaliza, bandika anwani ya kila ukurasa mpya kwenye `URL Inspection`, bonyeza `Request indexing`, kisha uache wiki kadhaa kabla ya kurudi kwenye ripoti ya `Pages`. Anwani za zamani ulizozielekeza kwingine zitahamia kwenye `Page with redirect`, na hilo ni sawa, usilirekebishe. Kama mojawapo ya zile tano bado inaitwa nakala, iweke kando ya ile iliyochaguliwa badala yake, futa majina ya miji kwenye zote mbili, na usome kilichobaki.