Waliotoka kwenye jaribio: soma sababu, si idadi tu

"Ni muuguzi hapa Tanga. Kwenye mchoro wa mtiririko wa washiriki wa jaribio la dawa, walioacha wanakaribia kulingana pande zote mbili. Basi jaribio halina upendeleo?"

Hapana dada, usiishie kwenye idadi. Mimi niliwahi kuitetea karatasi ya namna hiyo kwenye kikao cha asubuhi, nikaumbuka.

Wale wa juu kwenye mchoro, walioondolewa kabla ya kura ya kugawa makundi, hawavurugi ulinganisho. Wanakwambia tu kama matokeo yanawahusu wagonjwa wako. Kazi iko chini ya kura.

Tuseme kila kundi lina watu 200. Dawa mpya imepoteza 38, ya zamani 36. Zinalingana, eti? Soma yale maandishi madogo kisandukuni: kwenye dawa mpya 25 waliacha kwa sababu ya kutapika, upande wa pili wengi walihama tu. Aliyehama huenda hana tofauti na waliobaki. Aliyetapika dawa pengine hakupona.

Shuka kisanduku cha mwisho. Wamepona 130 kati ya 162, asilimia 80. Dawa ya zamani 115 kati ya 164, asilimia 70. Sasa wahesabu waliopotea wa dawa mpya kuwa hawakupona, wa zamani kuwa wamepona wote: 130 kati ya 200 ni asilimia 65, na 151 kati ya 200 ni karibu 76. Ushindi umegeuka! Hesabu hii ni kali makusudi. Haithibitishi kwamba dawa ni mbovu, inaonyesha tu kwamba matokeo yanategemea watu ambao hawakupimwa.

Sababu zisipoandikwa kabisa, mwoneni mtakwimu kabla hamjabadilisha dawa wodini.