Mteja hakuoni: maswali yenu kuhusu kuuliza kwa simu

Nachukua oda za chakula cha kuku kwa simu. Nikimtajia mteja aina zote, anajibu tu "eee". Nifanye nini? (Nakuru)

Mteja hana kosa. Ulipofika aina ya nne, ya kwanza ilishamtoka, na hana rafu ya kutazama. "Eee" yake huenda inakubali kitu cha mwisho alichosikia, ama inakwambia tu kwamba bado yuko kwenye laini.

Achana na majina ya magunia, muulize kuhusu kuku. Hao anawajua vizuri. Anza hivi: "Ni wa mayai ama wa nyama?" Akisema wa mayai, uliza: "Wameanza kutaga?" Kama wameanza, ni chakula cha kuku wanaotaga na aina umeshaijua. Kama bado: "Wana wiki ngapi?" Chini ya nane, mpe cha vifaranga. Kuanzia hapo hadi wakaribie kutaga, mpe cha kuku wanaokua. Kila swali linajibika kwa neno moja ama mawili, na hujamsomea orodha yoyote.

Kwa uzito usiulize "ishirini, hamsini ama sabini?" Taja ule unaouza zaidi: "Gunia la kilo sabini?" Asipoutaka atakutajia wake. Mwishoni rudia oda yote: "Cha kuku wanaotaga, kilo sabini, gunia moja." Halafu nyamaza. Wengi wenu mnarusha "sawa?" papo hapo na kukata simu, mkimnyima mteja nafasi ya kuwasahihisha. Gunia likishapakiwa kwenye bodaboda, kosa hilo lina nauli.

Menyu ya sauti ya chama chetu cha akiba iwe na chaguo ngapi? (Kisumu)

Tatu, zikizidi sana nne. Nimelijibu swali hili mara nyingi, na bado naletewa menyu za chaguo saba. Wanaozitetea hunitajia makala ya mwanasaikolojia George Miller ya 1956, iliyosema kwamba mtu hushika akilini vitu kama saba kwa mara moja, lakini Miller hakuwa akizungumzia menyu za simu. Anayerudia orodha fupi aliyoisikia ana kazi moja. Mwanachama wenu anapima kila chaguo na haja yake huku linalofuata likishasomwa.

Tajeni pia kazi kwanza, namba baadaye: "Kujua salio, bonyeza moja." Mkianza na namba, anaishika bila kujua ni ya nini, na akisikia kazi aliyoitaka, namba imeshampotea.

Nilimuuliza mteja "Hutaki tulete leo?" akasema ndiyo. Sikupeleka, naye amekasirika. (Kakamega)

Usiulize kwa kukanusha. Kwa mmoja "ndiyo" ni "ndiyo, sitaki". Kwa mwingine ni "leteni". Mngekuwa dukani, uso wake ungekuonyesha. Kwa simu sema: "Tulete leo ama kesho?" Akijibu "ndiyo" hapo, utajua mara moja kwamba hakukusikia.

Kuna haja gani ya kuuliza "asubuhi ama mchana" na mtu ameshataja saa? (Kisumu)

Haja ipo, kwa sababu tunahesabu saa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza katika simu moja. Kliniki moja ilimpa mama yangu miadi ya "saa mbili". Alifika saa mbili asubuhi. Karani alikuwa ameandika 2 ya Kiingereza, yaani saa nane mchana, na mama alikaa kwenye benchi saa sita, mgonjwa. Maneno matatu, "asubuhi ama mchana?", yangemwondolea mateso hayo. Nawaomba mnaopanga miadi: msiache saa yoyote ipite bila kipindi chake cha siku.

Asiponisikia narudia swali mara tatu, bado hasikii. (Nakuru)

Badilisha maneno mara ya pili. Simu ya kawaida hupitisha sauti za kati ya hetzi 300 na 3,400 hivi, na sehemu kubwa ya mvumo wa "s" na "f" iko juu ya hapo, hivyo herufi hizo hufika zikifanana. Kupaza sauti hakurudishi kilichokatwa. Kwa herufi sema "M ya Maseno, N ya Nakuru". Kwa kiasi tumia Kiswahili: "fiftini" na "fifti" huchanganyika, lakini "kumi na tano" haifanani hata kidogo na "hamsini". Namba ya simu irudie tarakimu chache chache, ukipumzika kila baada ya fungu.

Na mtu akisema yuko Milimani, usimtajie mitaa yote unayoijua. Uliza: "Ya Nakuru ama ya Kisumu?"