Barua ya baba yake jenerali

Nilikuwa na miaka 26, mwandishi mchanga kwenye gazeti moja hapa Dar es Salaam, na nilikwenda Nyaraka za Taifa pale Upanga kutafuta habari za njaa za Ugogo. Jenerali sikumfikiria kabisa. Nimeombwa na vijana wawili wa chumba cha habari nieleze ilivyokuwa, maana nao wameanza kuingia kwenye majalada ya zamani na wanadhani karatasi ikiwa ya zamani basi ni ya kweli.

Jalada lilikuwa la boma la Manyoni, miaka ya 1950. Limefungwa kwa kamba, karatasi zimegeuka rangi ya chai, na kila ukurasa una namba ya wino mwekundu kwenye kona ya juu kulia. Katikati ya hesabu za mtama nikakuta barua ya Kiswahili, mwandiko wa karani wa kulipwa, ya mwaka 1955. Mzee mmoja anamlalamikia Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa Kiingereza: mwanangu yuko Keya tangu mwaka jana, namba yake hii hapa, kila mwezi anakatwa hela ya nyumbani, lakini mimi baba yake sijaona hata senti. Nasikia hela zinakwenda boma la Iringa. Mimi sina mtu Iringa. Keya ndilo lilikuwa jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki.

Jina la huyo mwana lilikuwa jina la jenerali mstaafu ambaye kijitabu chake cha kuagwa jeshini kilikuwa juu ya meza yangu kazini. Simtaji hapa, familia yake ipo. Kijitabu kilisema amezaliwa Iringa, na magazeti yote, letu likiwamo, yalikuwa yamenakili hivyo kwa miaka.

Nilinakili barua yote kwa penseli nikarudi ofisini mbio. Hapo ndipo nilipofanya kosa la kijinga kuliko yote: niliandika maneno ya barua, sikuandika namba ya mkusanyiko, namba ya jalada wala namba ya ukurasa. Mhariri aliponiuliza "iko wapi?" nilijibu "Upanga." Ilinichukua siku mbili kuipata tena. Sasa naandika hizo namba tatu kabla ya neno la kwanza, na nawashauri mfanye hivyo hata kwa karatasi mnayoona haina maana.

Mhariri alikuwa tayari na kichwa cha habari chenye neno "adanganya". Nilimwomba wiki mbili. Jina peke yake halitoshi. Kwenye Keya walikuwamo watu wengi wa majina yanayofanana, na makarani waliandika majina yetu walivyoyasikia. Pia nilitaka kujua kama ni suala la mipaka tu. Hili huwapoteza wengi. Manyoni leo iko mkoa wa Singida, lakini barua ilipoandikwa ilikuwa Jimbo la Kati, makao makuu Dodoma. Kwa hiyo mtu wa Manyoni wa enzi hizo akiandikwa "Dodoma" pengine hakuna kosa lolote, ni ramani tu iliyobadilika. Iringa je? Iringa ilikuwa Jimbo la Nyanda za Juu Kusini. Ramani haikuweza kumwokoa.

Kilichobaki ni namba ya askari. Majina hugongana, namba haigongani kirahisi. Tatizo ni kwamba kijitabu kilikuwa na namba yake ya uofisa, ya baada ya uhuru, si ile ya Keya. Nikakumbuka kitu alichowahi kunionyesha mjomba wangu: nishani za Waingereza huchongwa ukingoni namba, cheo na jina la aliyepewa. Askari wa Keya waliopelekwa Kenya wakati wa Maumau walipewa nishani yenye kipande cha madini ya fedha juu ya utepe kilichoandikwa "Kenya", na kwenye picha ya kijitabu jenerali alikuwa ameivaa.

Nikampigia simu, nikaenda nyumbani kwake. Sikumwambia juu ya barua. Nilimwamkia, tukanywa chai, nikamwomba kuiona nishani. Aliitoa kwenye kopo la biskuti, akaifuta ukingo kwa kidole gumba, akavaa miwani akanisomea mwenyewe. Namba ile ile, tarakimu kwa tarakimu.

"Mzee," nikasema, "mbona baba yako alikuwa Manyoni?"

Alinyamaza kidogo halafu akacheka. Alikuwa kwa mjomba wake Iringa Keya walipokuja kuandikisha. Kila kijana aliulizwa chifu wake ni nani. Aliyemtangulia kwenye mstari alitaja chifu wa mbali akaambiwa asimame pembeni. "Nami nikamtaja chifu wa Wahehe. Ningesema ukweli ningerudi kuchunga, mwanangu." Fomu ikaandikwa Iringa, na kila karatasi iliyofuata ilinakili ile ya kwanza. Hata hela ya nyumbani ikafuata anwani ya uongo.

Mngedhani habari imekamilika. Haikukamilika, na hapa ndipo napenda muwe wabishi. Barua ya 1955 inathibitisha baba aliishi wapi mwaka 1955. Haisemi mtoto alizaliwa wapi. Iliandikwa kudai hela, na kwa hela ni shahidi mzuri. Kwa uzazi ni dokezo tu. Jenerali naye si shahidi, hakuna aliyejiona anazaliwa. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho, na kwa watu wa vijijini wa wakati wake hilo ni jambo la kawaida. Watu hukimbilia daftari la ubatizo la misheni, lakini lile huonyesha kwanza mtu alibatizwa lini na wapi, na jenerali alibatizwa akiwa mkubwa.

Alikuwa na dada yake mkubwa, bibi wa kuona kwa shida, aliyeishi Kilimatinde, huko huko Manyoni. Nilikwenda. Sikumuuliza "jenerali alizaliwa wapi", maana swali hilo hubeba jibu la kijitabu. Nilimwomba anisimulie kazi zake alipokuwa msichana. Akafika mwenyewe kwenye habari ya kumbeba mgongoni mdogo wake wakati mama bado ana siku chache tangu ajifungue, na akaninyooshea mkono upande wa ukingo wa bonde ilipokuwa kaya yao.

Tuliandika hivi: taarifa rasmi inasema Iringa, barua ya baba yake ya 1955 na maelezo ya dada yake yanaonyesha Manyoni, mwenyewe anaeleza kwa nini fomu iliandikwa tofauti. Neno "adanganya" halikuingia. Mhariri alinuna, halafu akasahau.

Nilimpelekea jenerali nakala ya barua. Hakuwahi kujua kwamba baba yake alimwandikia Bwana Shauri. Aliisoma mara mbili akiwa amesimama mlangoni, akaniuliza, "Hela zilifika?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimepata nilichotaka nikafunga jalada bila kufunua ukurasa uliofuata. Jumatatu nilirudi Upanga, safari hii nikiwa na namba zote tatu kwenye daftari. Ukurasa uliofuata ulikuwa mistari minne ya mashine ya chapa, boma kwenda boma: malipo ya askari huyu yahamishwe kutoka Iringa kwenda Manyoni kuanzia mwezi ujao, baba aje na shahidi wa kumtambua. Chini yake kulikuwa na alama ya dole gumba.