Jibu: Ukweli upi uandikwe kwenye muhtasari wa kesi

“Nasoma hukumu nzima, nashindwa kujua ukweli upi niuandike na upi niuache.”

Habari mkuu. Anza na amri ya mwisho, kisha rudi nyuma. Chukua Ephrahim dhidi ya Pastory, Mahakama Kuu Mwanza, 1990. Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo, akaliuza. Mwanaukoo akapinga kwa mila za Wahaya. Bei ingekuwa nyingine, uamuzi ungebadilika? Hapana, iache. Muuzaji angekuwa mwanamume? Mila ingemruhusu, kwa hiyo jinsia ndiyo inayobeba kesi, na hoja inatoka hapo hapo: mila inaweza kumnyima mwanamke haki ya kuuza shamba la ukoo? Kanuni ni ibara ya 13(4) ya Katiba, inayokataza ubaguzi. Kwenye sababu usikopi aya nzima. Onyesha tu daraja kati ya kanuni na uamuzi. Jaji Mwalusanya alitumia Sheria Namba 16 ya 1984, inayoruhusu sheria za zamani zisomwe kwa marekebisho yanayozioanisha na Katiba.